Ripoti ya maneno yaliyotafutwa YouTube: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Ripoti hii hujibu swali moja tu: mtu aliandika maneno gani kwenye kisanduku cha kutafutia cha YouTube kabla ya kufungua video yako. Malalamiko mengi juu yake hutokana na kuilazimisha ijibu maswali mengine.

Mfano wetu ni video ya dakika 6 na sekunde 10, kwa Kiswahili, inayofundisha kupika rolex, yaani chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, kama inavyouzwa Wandegeya na kila kona ya Uganda. Takwimu tulizoweka ni za kufundishia, ila zina sura ambayo mwenye chaneli ndogo ya mapishi ataitambua mara moja.

Kwanza, ripoti yenyewe iko wapi. Ingia studio.youtube.com, bonyeza "Content", chagua video, kisha "Analytics", halafu "Reach". Shuka hadi kwenye kadi inayoonyesha watazamaji wametoka wapi, uchague "YouTube search", kisha "See more". Hapo litafunguka jedwali zima: neno, mitazamo, muda wa kutazamwa kwa saa, na wastani wa muda wa kila mtazamo. Programu ya simu huonyesha orodha fupi tu, na orodha fupi ndiyo chanzo cha nusu ya mkanganyiko. Asiye na kompyuta afungue anwani hiyohiyo kwenye Chrome ya simu, abonyeze nukta tatu za juu na kuweka tiki kwenye "Desktop site". Maandishi yatakuwa madogo, lakini jedwali litakuwa kamili.

## Dalili: orodha ni tupu, au ina maneno mawili tu

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Video bado haijapata watu kupitia utafutaji. Rudi nyuma hatua moja utazame mgawanyo wa vyanzo: kama karibu wote walikuja kupitia kiungo ulichotuma kwenye vikundi vya WhatsApp, hao huhesabiwa kwenye "External" au "Direct or unknown", na hawana neno walilotafuta. Video yenye mitazamo 200, ambayo 9 tu ndiyo ya utafutaji, haiwezi kukupa orodha ya maana.

Sababu ya pili ni haraka. Maneno huchelewa kuingia kwenye ripoti kwa takriban siku mbili, hata kama idadi ya mitazamo ya karibuni tayari inaonekana. Kuna na jambo ambalo wengi wa Afrika Mashariki hawalijui: siku ya ripoti hufuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa Kampala, siku hiyo huisha saa tano asubuhi ya kesho yake, au saa nne asubuhi katika miezi ambayo Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Ukipakia video Jumamosi saa mbili asubuhi, kwa ripoti bado ni Ijumaa.

Ya tatu, kagua kipindi kilichochaguliwa juu kulia. Mtu huchagua siku 7 kwa kazi nyingine, akasahau. Weka siku 28 kwa kazi ya kawaida, au muda wote tangu video ipakiwe kama chaneli bado ni changa.

Ikiwa unaangalia chaneli ya mtu mwingine na huoni takwimu kabisa, shida ni ruhusa. Mwenye chaneli akuongeze kupitia "Settings" kisha "Permissions", akupe nafasi ya "Viewer" au "Viewer (limited)", ambayo huficha mapato. Asikupe nenosiri lake, hata kama ni ndugu yako.

## Dalili: ukijumlisha maneno, hesabu haifiki jumla

Katika mfano wetu, "YouTube search" inasema mitazamo 1,240 kwa siku 28. Ukijumlisha maneno yote yaliyoorodheshwa unapata 843. Mitazamo 397, karibu theluthi, haina neno.

Haijapotea. Kuna maneno yaliyoandikwa na mtu mmoja au wawili tu, na YouTube haiyaorodheshi yote. Watu huandika kwa namna nyingi mno, kuanzia "rolex inapikwaje" hadi sentensi nzima yenye makosa matatu ya tahajia, na mkia huo mrefu ndio unaojaza pengo. Usijaribu kugawa hizo 397 kwa uwiano wa maneno yanayoonekana, kana kwamba zinafanana nayo. Kwa kawaida mkia huwa na maneno marefu na mahususi zaidi kuliko kichwa cha orodha.

Kama pengo linazidi nusu, hakiki kwanza kwamba jumla na jedwali ni vya kipindi kilekile. Kisha angalia kama umechuja kwa nchi. Hapa Uganda kichujio cha nchi kina kasoro yake: tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, watu wengi wamezoea kuacha VPN ikiwa imewashwa siku nzima, na YouTube huitambua nchi kwa anwani ya mtandao. Mtazamaji aliye Ntinda anaweza kuhesabiwa kuwa yuko Uholanzi. Ukichuja "Uganda" unamwondoa. Kwa hiyo ukisoma maneno, usichuje nchi. Lugha ya neno lenyewe itakuambia zaidi.

Pia, waliotoka Google hawamo humu. Mtu aliyeandika "rolex recipe" kwenye Google, akabonyeza video yako kutoka huko, amehesabiwa kwenye "External" chini ya "Google Search", na neno lake hutaliona popote ndani ya Studio.

## Dalili: neno la kwanza lina mitazamo mingi, lakini wanaondoka mara moja

Hapa ndipo ripoti hii inapofaa kuliko pengine popote, na ndipo inaposomwa vibaya zaidi. Hili ndilo jedwali la video yetu:

| Neno | Mitazamo | Wastani |
|---|---|---|
| rolex | 310 | 0:21 |
| jinsi ya kupika rolex | 146 | 3:05 |
| rolex uganda | 118 | 2:10 |
| chapati mayai | 97 | 2:40 |
| chapo mayai | 64 | 2:32 |
| rolex ya uganda | 41 | 2:15 |
| okukola rolex | 38 | 2:48 |
| chapati ya mayai | 29 | 2:36 |

Kichwa cha video ni "ROLEX TAMU SANA!!!" na picha yake ya jalada ni uso wa mpishi anayecheka, pembeni herufi kubwa nyekundu ROLEX. Chakula hakionekani.

Mwenye chaneli akiangalia safu ya mitazamo peke yake, atahitimisha kwamba "rolex" ndilo neno lake bora na ataliweka kwenye kila video. Zidisha mitazamo kwa wastani uone. Kwa "rolex", 310 mara sekunde 21 ni sekunde 6,510, yaani dakika 108. Kwa "jinsi ya kupika rolex", 146 mara sekunde 185 ni sekunde 27,010, yaani dakika 450. Neno lenye chini ya nusu ya watu limeleta zaidi ya mara nne ya muda wa kutazamwa. Wa kwanza wanaona chini ya asilimia 6 ya video. Wa pili wanaona nusu yake.

YouTube yenyewe hueleza kwamba, katika kupanga matokeo ya utafutaji, huangalia kama kichwa, maelezo na video vinalingana na kilichoandikwa, na pia jinsi watu walivyoitazama video hiyo kwa neno hilohilo. Maana yake ni kwamba sekunde 21 kwa neno "rolex" haziiharibii video sifa yake kwa "chapati mayai". Lakini pia hazijengi chochote.

Sababu za kuondoka haraka, kuanzia ile inayotokea sana:

Neno lina maana mbili, na jalada halichagui. Nje ya eneo letu, anayeandika "rolex" anataka saa ya mkononi. Ameona uso na herufi, akabonyeza, akasikia mafuta yakichemka, akatoka. Jaribio ni rahisi: fungua dirisha fiche la kivinjari, andika neno hilo peke yake YouTube, utazame matokeo kumi ya kwanza. Kama manane ni ya saa, basi neno hilo si lako, hata kama linakuletea watu. Matokeo hubadilika kwa mahali na kwa mtu, hivyo angalia sura ya jumla bila kung'ang'ania video yako ni ya ngapi.

Neno ni sahihi, ila jibu linachelewa. Ukiona hata "jinsi ya kupika rolex" ina wastani wa nusu dakika, usiguse kichwa. Nenda kwenye grafu ya "Key moments for audience retention" utazame sekunde 30 za mwanzo. Wimbo wa utangulizi na salamu kwa "wapendwa watazamaji" za sekunde 40 hufukuza watu ambao neno limewaleta kihalali. Kata mwanzo, au uanze na chapati tayari iko kwenye chuma.

Neno linataka kitu cha jirani. Anayeandika "chapati laini" hataki mayai. Huyu ni mtazamaji wa video nyingine, ambayo pengine bado hujaitengeneza.

Idadi ni ndogo mno. Mitazamo 5 yenye wastani wa sekunde 12 inaweza kuwa mtu mmoja aliyekatikiwa na data mara tano. Sisi hatuhukumu neno lililo chini ya mitazamo 30. Hiyo si kanuni ya YouTube, ni tahadhari tu.

Marekebisho ya mfano wetu huanza na jalada, kwa sababu ndilo macho hulisoma kwanza: rolex iliyokatwa katikati, mayai, nyanya na kabichi vikionekana. Uso unaweza kubaki, uwe mdogo. Kisha kichwa: "Jinsi ya kupika rolex ya Uganda: chapati mayai ya kukunja". Kichwa kinaruhusu herufi 100, lakini simu hukata mapema, kwa hiyo linalobeba maana likae mbele. Mistari miwili ya kwanza ya maelezo iseme kwa sentensi za kawaida kinachopikwa na viungo vyake.

Baada ya siku 28, "rolex" ikishuka kutoka 310 hadi 170 na wastani wake ukapanda hadi sekunde 48, usishtuke. Hizo ni dakika 136, dhidi ya 108 za awali. Waliopungua ni wale waliokuwa wakitoka.

## Dalili: neno moja limesambaa kwa tahajia na lugha tofauti

Rudi kwenye jedwali. "Chapati mayai", "chapo mayai" na "chapati ya mayai" ni watu 97, 64 na 29. Ripoti haiwaunganishi; lazima ufanye mwenyewe. Pamoja ni 190, kundi kubwa kuliko "jinsi ya kupika rolex", ilhali neno "mayai" halikuwemo hata mara moja kwenye kichwa cha zamani. "Chapo mayai" inanuka Nairobi, na hao ni watazamaji halisi wa video ya Kampala.

Kuunganisha, bonyeza mshale wa kupakua juu ya jedwali, uchague Google Sheets au faili la CSV. Jedwali hutoa hadi mistari 500, inayotosha chaneli nyingi. Ongeza safu moja, uipe kila neno kundi lake: chakula, mahali, lugha, jina la chaneli. Kama maneno yako kwenye safu A na mitazamo safu B, hesabu ya kundi la mayai ni:

```
=SUMIF(A:A,"*mayai*",B:B)
```

Baadhi ya mashine zilizowekwa lugha nyingine hutaka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula. Ukipata kosa, jaribu hivyo kwanza.

Usimimine tahajia zote kwenye maelezo. Orodha ya "rolex, rolexi, chapati, chapatti, capati, chapo" chini ya video haisaidii, na YouTube huhesabu kurundika maneno ya aina hiyo kuwa udanganyifu. Mahali pa tahajia zilizokosewa ni kwenye lebo, yaani "Tags", na YouTube inasema wazi kwamba zaidi ya hapo lebo zina mchango mdogo sana. Kwa Kiingereza, ongeza kichwa na maelezo yaliyotafsiriwa kwenye sehemu ya lugha za video hiyo, ili mwenye simu ya Kiingereza aone "Ugandan rolex" bila wewe kuchanganya lugha tatu kwenye kichwa kimoja.

"Okukola rolex" ni jambo jingine. Watu 38 wameandika Kiganda, wakakuta video ya Kiswahili, na bado wakakaa dakika 2 na sekunde 48. Hawakukuta ya Kiganda iliyowatosha. Tungeanza na manukuu ya Kiganda, yaani maandishi yanayopita chini ya video, kabla ya kufikiria kurekodi upya.

## Dalili: maneno yote ni jina la chaneli au kichwa kamili cha video

Hawa walikujua kabla ya kutafuta. Labda wameona kipande TikTok, labda rafiki amewatajia. Ni habari njema, ila haikuelezi chochote kuhusu wasiokujua. Watenge kwenye kundi lao, usome yanayobaki. Yakibaki chini ya sehemu moja ya kumi, video yako haipatikani kwa utafutaji wa kawaida, na tatizo mara nyingi ni kichwa cha fumbo ambacho hakuna mtu angekiandika akiwa na njaa.

Hapa ukumbuke mpaka mkubwa wa ripoti yote: inaorodhesha maneno ya waliofungua tu. Neno ambalo video ilitokea mara elfu na hakuna aliyebonyeza halimo. Kwa hiyo kutokuwepo kwa "kupika rolex nyumbani" hakuthibitishi kwamba halitafutwi.

## Dalili: umebadilisha kichwa, na maneno hayabadiliki

Karibu kila mara ni kulinganisha vibaya. Ukiangalia "tangu ipakiwe", miezi minane ya zamani inafunika wiki mbili mpya. Chagua tarehe mwenyewe: siku 28 kabla ya badiliko, na siku 28 baada yake, ukiruka siku mbili za badiliko lenyewe. Andika tarehe kwenye daftari, kwa maana baada ya mwezi utakuwa umeisahau.

Kosa la pili ni kubadilisha jalada, kichwa na maelezo siku moja, kisha kutaka kujua kipi kimefanya kazi. Pale ambapo kosa ni la wazi kama ROLEX bila chakula, badilisha vyote na ukubali kutojua. Pale ambapo unajaribu tu, badilisha kimoja.

Angalia pia kalenda. Mapishi ya Ramadhani, ada za shule mwanzo wa muhula, matokeo ya UNEB: maneno haya hupanda na kushuka yenyewe. Linganisha na kipindi kilekile cha mwaka uliopita kama unacho. Na kama video inaleta watazamaji vizuri, iache. Kichwa kinachofanya kazi hakihitaji kuboreshwa kila Jumatatu.

## Acha kurekebisha, tafuta msaada

Ukikuta maneno yasiyohusiana na video yoyote uliyotengeneza, kwa mfano ya sarafu za mtandaoni kwenye chaneli ya mapishi, nenda "Content" kwanza. Kama kuna video au matangazo ya moja kwa moja usiyoyajua, chaneli imeingiliwa. Usifute chochote bado. Fungua ukurasa wa usalama wa akaunti yako ya Google, ondoa vifaa usivyovitambua, badilisha nenosiri na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Ukiwa umefungiwa nje, anza na g.co/recover, kisha uwasiliane na YouTube kupitia akaunti yao ya @TeamYouTube kwenye X. Anayekuandikia WhatsApp akidai atairudisha kwa pesa ya mobile money, mwache.

Ukiona sentensi moja ndefu, isiyo ya kawaida, imeleta mamia ya mitazamo kwa wastani uleule kila siku, jiulize kama umemlipa mtu "akupandishe". Wauzaji wengine huelekeza watu au mashine watafute maneno fulani. YouTube hukataza mitazamo bandia, huiondoa, na chaneli inaweza kuadhibiwa. Simamisha malipo siku hiyohiyo, na usitumie takwimu za kipindi hicho kuamua lolote.

Na kama ripoti inagoma kufunguka kwa zaidi ya siku tatu, kwenye kivinjari kingine na akaunti yenye ruhusa, huna la kurekebisha upande wako. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na kipindi kilichochaguliwa, uitume kwa msaada wa YouTube pamoja na anwani ya video.